Karatasi ya Wazee: Je, Mauziano ya Kiwanja kwa Maandishi ya Mkono Yanasimama?

Mama mmoja wa Magogoni, upande wa Kisauni, alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa amefunga kitu ndani ya pembe ya leso. Alipokifungua, ilitoka karatasi moja ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kukatika. Iliandikwa mwaka 2015. Maneno yake hayakuzidi mistari sita: kwamba fulani amemuuzia Bi. fulani kiwanja chake cha futi 40 kwa 60 hapa Magogoni, kuanzia mnazi wa marehemu baba hadi njia ya kwenda kisimani, kwa shilingi 480,000. Kwamba amepokea 300,000, na zilizobaki atalipwa kidogo kidogo. Chini yake kulikuwa na sahihi ya muuzaji, na majina ya wazee watano wa mtaa.

Mama huyu alimaliza kulipa Machi 2017. Alijenga vyumba viwili na choo, akahamia na wanawe, na hakuna aliyemsemesha neno. Mwaka jana muuzaji alifariki. Haikupita miezi mingi, jamaa za marehemu wakamjia kumwambia kuwa eneo lote, nusu ekari, limepata mnunuzi, na wakili wa mnunuzi huyo ametaka liwe tupu. Akawaonyesha karatasi yake. Wakamjibu kuwa karatasi ya daftari si hatimiliki.

Akatuuliza: "Sheikh, karatasi yangu ina nguvu au haina?"

Suali hili hatuwezi kulijibu kwa neno moja, kwa sababu ndani yake mna masuali matatu. La kwanza ni kama watu hawa wawili walikubaliana. La pili ni kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza alichokiuza. La tatu ni kama umiliki wenyewe ulihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Karatasi ya wazee inaweza kulijibu la kwanza vizuri sana. La pili hailijibu kabisa, na la tatu hujibiwa na ofisi ya msajili wa ardhi peke yake.

Tuanze na makubaliano. Wengi hudhani kuwa mkataba usiopigwa chapa, au usioandikwa na wakili, au ulioandikwa kwa Kiswahili, si mkataba. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 3, inataka mambo matatu tu ili mtu aweze kushtaki kwa mkataba wa ardhi: uwe umeandikwa, uwe umetiwa sahihi na pande zote mbili, na sahihi ya kila upande ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo hapo hapo wakati inatiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ikayarudia hayo hayo. Haikutajwa taipu, wala lugha, wala muhuri wa chifu. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama yake au dole gumba, na sheria inaihesabu kuwa ni sahihi. Masharti haya yalianza kutumika tarehe 1 Juni 2003. Mauziano ya kabla ya hapo yaliweza kuthibitishwa kwa njia nyingine, kama vile mnunuzi kukabidhiwa ardhi na kuikalia.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia deni na maandishi yake, na katika mauziano inaamuru kushuhudisha. Tena imeweka kwamba anayesema maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa. Laiti tungeishika katika viwanja, muuzaji angeitamka mwenyewe mbele ya mashahidi ahadi yake ya kukabidhi na kuhamisha, badala ya mwandishi kumtungia.

Sasa tuitazame karatasi ya mama kwa macho hayo. Imeandikwa, na muuzaji ametia sahihi. Lakini mnunuzi hakutia! Tulipomuuliza alishangaa. "Mimi ndiye niliyekuwa natoa pesa, sheikh. Ya nini kutia sahihi?" Kosa hili ni la kawaida mno katika karatasi za mitaani: mnunuzi hutajwa jina, akahesabu fedha, akaondoka bila kuweka mkono wake. Sheria imesema pande zote. Kosa la pili ni la mashahidi. Majina ya wazee watano yameandikwa kwa mkono mmoja na kalamu moja, mkono wa yule aliyeandika mkataba, na hakuna hata mzee mmoja aliyeweka sahihi yake. Shahidi ambaye jina lake limeandikwa na mtu mwingine ni rahisi kukanwa, hasa akishakufa.

Je, ndiyo basi? Hapana. Sheria hiyo hiyo imesema kuwa masharti yake hayaondoi ile amana ambayo mahakama huiona imejengeka kwa vitendo vya watu. Mtu akipokea bei yote, akamkabidhi mwenzake ardhi, akamwacha ajenge, mahakama inaweza kusema kwamba muuzaji tangu hapo anaishika ardhi ile kwa amana ya mnunuzi. Mahakama ya Juu iliikubali kanuni hiyo katika mauziano ya ardhi mwishoni mwa mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya hapa kwetu, Mombasa Bricks and Tiles. Kwa hiyo risiti, ujumbe wa M-Pesa, na nyumba iliyosimama vinaweza kuiokoa karatasi yenye upungufu. Lakini kuokolewa huko ni kwa kesi, na kesi ni miaka na gharama. Sahihi ya mnunuzi ingekuwa bure.

Hapo ndipo tulipofika katika suali la pili, ambalo ndilo kubwa. Karatasi haina namba ya kiwanja. Tulimwomba mama aende na kijana wake kwa mpima ardhi aliyewahi kupima jirani, akapata namba ya eneo lote. Katika upande huu namba huanza na herufi MN, yaani Mombasa bara ya kaskazini, kisha seksheni. Kwa namba hiyo wakafanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya Mombasa, ambao watu wengi huuita sachi. Jibu likarudi kuwa ardhi imesajiliwa kwa jina la baba wa muuzaji, mzee aliyefariki tangu mwaka 2006. Mirathi yake haikufunguliwa kamwe.

Mzee yule aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti wawili. Kwa faraidhi, mke ana thumni, na saba ya nane inayobaki wanagawana watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Ukiigawa mali katika mafungu 48, mke ana 6, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Basi yule aliyeandika "kiwanja changu" alikuwa na mafungu 14 katika 48, tena yasiyogawanywa bado. Mamake na dada zake wawili walikuwa na mafungu 20 baina yao, na hakuna aliyewauliza. Wazee watano walikuwapo, na wote waliwajua mabinti hao tangu utotoni. Lakini walishuhudia walichoitiwa: fedha kuhesabiwa na mipaka kuonyeshwa. Ushahidi wao ni wa kweli, ila hauwezi kumpa muuzaji milki asiyokuwa nayo.

Na si faraidhi peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya msimamizi wa mirathi kupata hati yake na hati hiyo kuthibitishwa. Na kuiingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Muhuri wa chifu haubadili hilo. Chifu aliyepiga muhuri katika karatasi ya mauziano amekuwa shahidi mmoja zaidi, basi.

Lipo pia aina jingine la "mwenye" ambalo msomaji wa Kisauni au Likoni analijua bila kufundishwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya bara ya Mombasa ina wenye hati ambao hawaishi juu yake, na juu yake watu wamejenga kwa kulipa kodi ya ardhi. Hii ndiyo nyumba bila ardhi, ambayo mahakama za pwani zimeitambua miaka mingi. Anayeuza nyumba kama hii anauza kuta, bati na ile ruhusa ya kukaa. Udongo si wake. Mkataba wake ni halali ukiandikwa hivyo, na mwenye ardhi akaridhia kumpokea mpangaji mpya. Ukiandikwa "nimeuza kiwanja," umeandikwa uongo, hata kama wazee kumi wametia sahihi. Wale waliokuwa katika shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930, walipata hatimiliki mwaka 2016 baada ya serikali kulinunua kwa mwenyewe. Yeyote aliyekuwa amenunuliana humo kwa karatasi kabla ya siku hiyo alinunua nafasi ya kukaa, na si zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kununua asianze na kalamu. Aanze na namba ya kiwanja na upekuzi. Jina likitoka la muuzaji, alinganishe na kitambulisho chake. Likitoka la marehemu, asilipe hata arubuni mpaka mirathi ifunguliwe. Kwa familia ya Kiislamu, Mahakama ya Kadhi ndiyo itakayotaja warithi na mafungu yao. Likitoka la mtu mwingine aliye hai, basi auziwe na huyo, au na mwenye uwakilishi ulioandikwa na kusajiliwa. Na ikiwa muuzaji ana mke anayeishi hapo, mke naye atie sahihi ya kuridhia. Tumeona mauziano ya nyumba yakivunjika kwa sababu bibi mwenye nyumba alikuwa jikoni wakati wanaume wanaandikiana barazani.

Yakishapatikana hayo, mkono wa kuandika haudhuru. Yaandikwe majina matatu ya kila mmoja na namba ya kitambulisho. Namba ya kiwanja, na kama ni kipande, vipimo vyake pamoja na mchoro mdogo unaotaja majirani wa pande nne, kwa kuwa mnazi huanguka na kisima hufukiwa. Mnazi wa karatasi hii ulianguka zamani, na sasa kila mtu anaonyesha shina lake mahali pake. Iandikwe bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa leo, kilichobaki na tarehe ya mwisho wa kukilipa. "Kidogo kidogo" si tarehe. Iandikwe muuzaji atahamisha hati lini, nani atalipia upimaji na ushuru, na fedha zitarudishwaje akishindwa. Kisha muuzaji atie sahihi, mnunuzi atie sahihi, na kila shahidi aandike jina lake kwa mkono wake, kitambulisho chake na sahihi yake, wote wakiwa kikao kimoja. Kama mmoja hajui kusoma, asomewe kwa sauti, na msomaji aandike kuwa amemsomea akaelewa. Zifanywe nakala mbili za asili, kila upande ubaki na yake. Malipo yapitie benki au simu. Yakiwa ni taslimu, kila fungu lipewe risiti. Mwisho mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa mahakama inaweza kukataa kuipokea kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe.

Hata baada ya yote hayo, suali la tatu bado limesimama. Mkataba ni ahadi ya kuhamisha. Umiliki wa ardhi iliyosajiliwa huhama siku hati ya uhamisho inapoingia katika daftari la msajili. Kwa kipande cha eneo kubwa, kwanza mpima aliyesajiliwa akigawe na kuweka bikoni, kitoke namba yake, ndipo uhamisho ufanywe na ushuru wake ulipwe. Katika mji ushuru huu ni asilimia 4 ya thamani, na mashambani asilimia 2, na thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa serikali, wala si lazima iwe ile ya karatasi. Kwa shilingi 480,000 ungekuwa 19,200. Kwa thamani ya leo utazidi. Anayenunua shamba la kilimo nje ya mji, Kwale au Kilifi, aongeze jambo moja: idhini ya bodi ya ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Ikikosekana, mkataba huhesabika batili, na mnunuzi akabaki kudai fedha zake kama deni.

Turudi kwa mama yetu, maana kwake kalamu ilikwisha kuandika. Jambo la kwanza tulilomwambia ni asiiguse karatasi. Mtoto wake alitaka kuongeza sahihi ya mamake mahali palipokuwa patupu, na jirani akashauri iandikwe mpya kwa tarehe ya 2015. Yote mawili ni kughushi, na yangeua hata ule ukweli uliomo. Karatasi ya asili ikatiwa ndani ya bahasha, zikatolewa nakala.

La pili, wazee. Katika watano, wawili wamekwisha kufa, na mmoja haoni vizuri. Watatu waliobaki walipelekwa kwa wakili, kila mmoja akaeleza alichokiona kwa macho yake, maelezo yakaandikwa kuwa hati ya kiapo na kuapwa mbele ya kamishna wa viapo. Mmoja alikumbuka hata noti zilihesabiwa mara mbili kwa sababu ya kwanza zilipungua elfu moja. Vielelezo vya malipo ya simu vilitolewa na kampuni ya simu na kuambatishwa, pamoja na risiti za saruji na bati.

La tatu, zuio. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye kudai haki kwa mkataba kumwomba msajili aweke zuio katika daftari, ili ardhi isihamishwe bila yeye kuarifiwa. Liliwekwa. Kwa kitendo hicho yule mnunuzi mpya alisimama, na hapo ndipo jamaa walipokubali kukaa kitako.

Kikao kilifanywa nyumbani kwa binti mkubwa wa yule mzee. Tulidhani yeye ndiye atakayekuwa mgumu zaidi. Alimtazama mama na kumwambia, "Wewe, dadangu, sikukatai. Nilikupitia ukijenga na sikusema. Ninachokataa ni kwamba ndugu yangu aliuza na hakuniuliza, na wazee wakaketi." Hakuna mzee aliyemjibu.

Kisha tukapiga hesabu mbele yao. Nusu ekari ni futi za mraba 21,780. Fungu la ndugu aliyeuza, 14 katika 48, ni futi 6,352 na nusu. Kiwanja cha mama, 40 kwa 60, ni futi 2,400. Maana yake alichouza kingeweza kutoka chote katika fungu lake mwenyewe, bila kugusa hata futi moja ya dada zake wala ya mama yao. Hasara ingebaki kwa wanawe, ambao baba yao alikwisha kuila thamani yake. Na katika mirathi, wajibu wa marehemu hutangulizwa kabla ya warithi kugawana. Wanawe walinung'unika, na mmoja ana haki ya kunung'unika kwa kuwa alikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini walikubali.

Lau wangekataa, pasingekuwa na njia ya kumpeleka mama kwa Kadhi kudai kiwanja, kwa sababu Kadhi hukata mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu; mgogoro wa mnunuzi na muuzaji ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko angetegemea ile amana tuliyoitaja. Njia ya pili, ya kukaa kwa wazi bila ruhusa ya mwenyewe kwa miaka 12, ilikuwa haijamfikia. Kwa mnunuzi aliyekaribishwa na muuzaji, muda huo huanza kuhesabiwa tangu alipomaliza kulipa, nayo ni Machi 2017; basi ni hadi Machi 2029. Na miaka hiyo haihesabiki kabisa juu ya ardhi ya serikali, hata akae hamsini.

Kwa sasa mirathi ya mzee imefunguliwa mbele ya Kadhi, na binti mkubwa ni mmoja wa wasimamizi. Warithi wote, pamoja na ajuza mwenye thumni aliyeweka dole gumba baada ya kusomewa mara mbili, wametia sahihi hati ya kuridhia kwa wakili, yenye tarehe ya siku ile na inayoitaja karatasi ya 2015 kwa tarehe yake. Safari hii mama naye alitia sahihi. Hati ya wasimamizi ikithibitishwa, mpima ataingia kuweka bikoni nne, na zuio litaondolewa siku ile ile uhamisho utakapopelekwa kusajiliwa, si siku moja kabla.